Funzo la Mstari wa Mwisho

Simba alikuwa wa kwanza kufutwa. Mwalimu Ayuma alimpitishia kalamu nyekundu, akafuata Tembo, kisha Nyani na Twiga, mpaka ukurasa wa hadithi yake ukabaki na Fisi, Swara na ndege mmoja tu, Kanga. Watoto wa darasa la pili hawawezi kubeba wanyama saba kwa mpigo. Watatu wanatosha, na kila mmoja awe na tabia moja inayojulikana mara anapotajwa: Fisi mlafi, Swara mwoga, Kanga mpiga kelele.

Nje ya chumba cha walimu, mafundi walikuwa wakigongomea mabati kuzunguka kiwanja cha shule. Tajiri mmoja, aliyeitwa Mfadhili kwa sababu aliwahi kuwaletea tangi la maji, alikuwa amejitwalia kiwanja hicho mchana kweupe. Alianza kwa kumwaga mchanga wake kwenye kona moja. Baadaye akaleta mawe. Wazazi wa mtaa ule wa Mowlem walipita, wakatazama, wakaenda zao kazini. Sasa watoto mia sita walichezea kwenye ujia kati ya vyoo na jiko, na Ijumaa, siku ya wazazi, mtu huyohuyo ndiye angekuwa mgeni wa heshima. Ayuma akifikiria hivyo alizidi kuikandamiza kalamu karatasini.

Mwalimu mkuu, Bwana Kweyu, ndiye aliyemwagiza atunge hadithi mpya ya wanyama, watoto waisome mbele ya wageni. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa watoto sita, na hadithi zake zote walishazikariri.

"Iwe fupi, na iwe na funzo," alisema.

Funzo Ayuma alikuwa nalo tayari. Katika nakala ya kwanza, Fisi alikuta uwanja wa majani ambapo watoto wa wanyama walicheza. Siku ya kwanza akaweka tawi moja la miiba. Wanyama wakasema, "Ni tawi moja tu, tutapita kando." Siku ya pili akaongeza la pili, na wanyama wakasema maneno yaleyale. Siku ya tatu uwanja ukafungwa, wanyama wakabaki nje wakilia, Fisi akalala ndani akiota jua. Ilikuwa kweli tupu. Aliiandika kwa hasira na kuisoma darasani Jumatatu akiwa bado na hasira.

Watoto walipenda kiitikio. Mara ya pili tu, darasa zima lilikuwa linaitikia, "Ni tawi moja tu!" Alipomaliza, akauliza hadithi inatufundisha nini. Shirleen, msichana wa dawati la mbele, aliyesoma kila kitu hadi magazeti ya kufungia nyama, alinyoosha mkono.

"Tujifunze kuchukua vitu polepole, mwalimu. Fisi ako mjanja sana."

Wenzake wakampigia makofi. Ayuma alisimama pale na chaki mkononi, akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Kumbe alikuwa amewafundisha wizi. Mtoto wa miaka minane hatazami nani ana haki. Anatazama nani ameshinda mwishoni, na hapo ndipo anapookota funzo lake. Ukimwacha Fisi anaota jua, umemsifu Fisi.

Ndiyo sababu leo alikuwa akiandika upya. Mwisho lazima ugeuke, tena ugeuzwe na mmoja wa walewale watatu, kwa tabia aliyonayo tangu mwanzo. Hakuweza kumshusha askari kutoka mawinguni. Basi akamtumia Kanga. Tangu sentensi ya tatu Kanga anapiga kelele kwa kila kitu, na Swara anamwambia anyamaze. Fisi anapokuja na tawi la tatu, Kanga anapiga kelele mpaka wanyama wote wanatoka. Wanaona miiba. Kila mmoja anavuta tawi, hata Swara anavuta huku anatetemeka, na Fisi anakimbia mkia ukiwa katikati ya miguu. Sentensi moja ilikuwa na maneno kumi na saba; akaikata vipande viwili. Neno "akanyakua" akalitoa, akaweka "akachukua". Mwisho akaandika mstari mmoja peke yake: Funzo: Ukiona kibaya kidogo, sema mapema.

Aliijaribu tena darasani. "Tuseme haraka, mwalimu," alisema Shirleen, "kabla miiba haijakuwa mingi." Ayuma hakuwa amewasomea mstari wa mwisho. Walikuwa wameutoa wenyewe, kutoka kwa Kanga.

Bwana Kweyu aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Aliposhusha karatasi, hakumtazama usoni.

"Mwalimu Ayuma, hii ni hadithi ama ni maandamano?"

"Ni hadithi, bwana. Fisi, Swara na Kanga."

"Iache hadithi, badilisha funzo. Andika watoto wawatii wakubwa."

"Haiwezekani. Funzo linatoka kwa alichotenda Kanga. Ukiweka lingine halitashika."

"Litashika likiandikwa." Akakunja karatasi, akamrudishia. "Na uhamisho ni barua moja tu, mwalimu. Unajua kuna shule ambazo hata barabara hazina."

Barua moja tu. Alitoka ofisini, akarudi chumba cha walimu. Wakiuru, mwalimu wa darasa la tatu, akamwambia akiwa anasahihisha madaftari, "Achana nao, dada. Una watoto wa kulisha." Ayuma akachukua karatasi yake. Aliipeleka hadithi kwa karani, ikapigwa chapa kwenye karatasi ya nta ya kurudufia nakala, kama alivyoiandika.

Nakala zilifika darasani Ijumaa asubuhi, wino haujakauka vizuri. Hakupata nafasi ya kuzipitia. Wazazi walikuwa wameshaketi kwenye madawati uani, na Mfadhili alikuwa amepewa kiti chenye mto. Shirleen aliitwa mbele. Alisoma kwa sauti iliyofika hadi langoni. Kwenye kiitikio watoto walidakia, "Ni tawi moja tu!" Mara ya pili wazazi nao wakaitikia, wakicheka. Mara ya tatu kicheko kilikuwa kimepungua. Baba mmoja mwenye ovaroli aligeuza kichwa kuelekea mabati, akakiacha hukohuko. Mfadhili aliweka soda yake chini.

Kanga akapiga kelele, wanyama wakavuta miiba, Fisi akakimbia. Shirleen akafika mwisho.

"Funzo," alisoma. "Watoto wema hunyamaza na huwatii wakubwa."

Ayuma akaichukua nakala iliyokuwa karibu. Maneno yake yalikuwa yamezibwa kwenye karatasi ya nta, na juu yake yamepigwa mengine, herufi zimepanda kidogo upande mmoja. Bwana Kweyu alianza kupiga makofi. Alipiga peke yake.

Shirleen hakuketi. Aliutazama mstari ule, akaisogeza karatasi karibu na uso.

"Mwalimu, hapa wamekosea," alisema. "Kanga hakunyamaza."

Hakuna aliyecheka. Bwana Kweyu alimtazama Ayuma, macho yakisema wazi alichotaka: mwambie mtoto amesoma vizuri, mwambie aketi. Lilikuwa jambo dogo sana. Ayuma alifikiria barua, akafikiria watoto wake wawili na vyombo vya kupakia. Hasira yake ya tangu Jumatatu ikatulia.

"Ni kweli, Shirleen, wamekosea," alisema. "Tusomee tena, kuanzia pale Kanga anapopiga kelele."

Shirleen akainyoosha karatasi tumboni, akatafuta mstari kwa kidole. Wazazi wa nyuma walisimama ili wamsikie vizuri, na baba mwenye ovaroli akasogea mbele kabisa.