Sura Isiyolingana na Kitambulisho

Mkeka wangu wa kubeti ulitiki Jumapili jioni, na kabla jua halijazama nilikuwa sakafuni jikoni, jino langu moja limeingia chini ya jiko.

Timu saba, na zote saba zilinitii. Milioni tatu na laki nne. Mimi ni msusi, nimekodi kiti kwenye saluni ya mtu, na hela ya kubetia ilitoka kwa mteja niliyemsuka asubuhi ile akanung'unika kuwa namvuta nywele. Akaunti ni yangu, laini ya simu ni yangu, kitambulisho kilichosajili vyote viwili ni changu. Mume wangu mchango wake ulikuwa kuniambia timu ya mwisho itafungwa. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na wenzake karakanani wanamwita Nyundo. Zamani nilidhani ni kwa sababu ya kazi.

Aliuona ujumbe wa kampuni kwenye simu yangu kabla sijaifunika.

"Nipe namba ya siri."

"Ya nini?"

"Ya pesa yetu."

"Yetu tangu lini? Si ulisema nimechoma hela?"

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni, ya pili kwenye jicho. Nilianguka na sufuria ya maji, akanikanyaga mkono ili niachie simu. Barazani binti yetu wa darasa la pili alikuwa anaruka kamba. Niliisikia ile kamba ikichapa saruji, nikauma kiganja changu ili asinisikie akaingia. Namba sikuitoa. Nilizitaka pesa zile nimchukue mwanangu niondoke: chumba, kodi ya miezi sita mkononi, kiti cha saluni changu mwenyewe. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa.

Asubuhi nilikwenda polisi, kisha hospitali, peke yangu, huku nimejifunika kanga hadi puani. Polisi walinipa fomu ya matibabu, daktari akaandika bila kunung'unika: majeraha ya kupigwa ngumi, jino moja limeng'oka, vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba. Nikairudisha polisi, wakapiga muhuri na kuniambia nirudi nikiwa tayari kufungua kesi. Nikiwa tayari! Kana kwamba ninaoka keki.

Kampuni nayo ikaleta yake. Kwa ushindi mkubwa, walisema, lazima uhakiki: picha ya kitambulisho, kisha picha yangu nimekishika kitambulisho kando ya uso. Kwenye kitambulisho yupo msichana mwenye macho mawili na mdomo wa kawaida. Kwenye simu alikuwepo mtu mwenye jicho lililofumba na mdomo kama andazi lililozidishwa hamira. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu ujumbe ukaja: "Sura hailingani na kitambulisho. Akaunti imesimamishwa kwa mashaka ya udanganyifu. Malipo yamezuiwa." Nilicheka kwa hasira mpaka mdomo ukapasuka upya.

Nyundo hakucheka. Alinishika mkono, tukaenda hadi tawi la kampuni lililo karibu na stendi.

"Mnakula pesa za watu!" alimfokea dada wa dirishani.

"Kaka, hapa tunauza mikeka na kulipa ushindi mdogo tu. Akaunti zinafungwa na kufunguliwa makao makuu. Andikeni barua kwa idara ya malalamiko, mweke na ushahidi."

"Barua? Mimi nakuonyesha barua!"

Akanyanyua kiti akakitupa kwenye kioo cha dirisha. Kioo kikapasuka, kiti kikarudi. Mlinzi alipomshika bega, mume wangu akampiga kichwa cha pua, damu ikamrukia dada yule kwenye shati. Mlinzi wa pili alikuja na rungu akamshughulikia mbavu, taratibu, kama mtu anayekung'uta godoro. Walimtupa nje. Nami niliulipia ule mchezo wote nyumbani, kwa mateke ya mapaja na mgongo. Usoni hakunigusa. Alishajua uso wangu una kazi.

Ndipo tukaenda kwa Mama Chapa.

Mama Chapa ana duka la kuchapa na kutoa kopi, mashine mbili na feni inayolia. Ameandikia barua nusu ya mtaa: wapangaji, waliofukuzwa kazi, waliotapeliwa viwanja. Alinitazama usoni, akamtazama mume wangu, kisha akavuta kibodi.

"Mwenye akaunti nani?"

"Sisi," alisema Nyundo.

"Barua haina sisi. Ukiandika ninyi wawili mnatumia akaunti moja, umewapa sababu ya kufuta ushindi. Masharti yao yanakataa. Mwenye akaunti nani?"

"Mimi," nilisema.

Akaanza. Jina, namba ya akaunti, namba ya laini. Namba ya mkeka, tarehe, dau, kiasi kilichoshinda. Tarehe niliyoomba kutoa pesa na tarehe waliyozuia. Kisha viambatisho: nakala ya kitambulisho, picha ya mkeka wenyewe, picha za ujumbe wao wote, uthibitisho wa usajili wa laini. Vidole vyake vilikuwa vinatembea bila yeye kuviangalia. Halafu vikasimama.

"Sasa, kwa nini sura haikulingana?"

"Aliteleza bafuni," mume wangu alijibu haraka.

"Fomu ya hospitali inasemaje?"

Niliitoa kwenye blauzi. Mume wangu alipouona muhuri wa polisi akanishika kisogo, akanibana uso hadi nusura ugonge mashine ya kopi.

"Ulikwenda polisi, wewe mwanamke?"

"Mwachie," Mama Chapa alisema. Mkononi alishika mkono wa chuma wa mashine ya kukatia karatasi, alikuwa ameshauchomoa. "Ukimwongezea alama nyingine, picha itakataa tena. Na sikiliza. Barua ikisema bafuni, fomu ikasema ngumi, hapo wamepata udanganyifu waliokuwa wanautafuta. Pesa imekwenda. Chagua."

Niliuona uso wa mume wangu ukipiga hesabu. Milioni tatu na laki nne upande mmoja, aibu upande mwingine. Aibu haikuchukua muda.

"Andika basi! Andika nilimpiga! Mke wangu, nyumbani kwangu, kampuni inawahusu nini?"

Mama Chapa akaandika, bila kuongeza chumvi: "Sura yangu ilikuwa na majeraha kwa sababu nilipigwa na mume wangu siku ya ushindi, kama fomu ya hospitali inavyoonyesha." Wakati huo mwenye gari alianza kupiga honi nje akitaka pikipiki ya Nyundo iondoke mlangoni. Akatoka kwenda kumtukana.

Nikamwinamia Mama Chapa. "Mama, laini anaweza kuninyang'anya. Nina akaunti benki, jina langu lilelile. Hajui."

Kwenye sehemu ya madai Mama Chapa akaongeza: "Naomba malipo yaingizwe kwenye akaunti yangu ya benki iliyotajwa hapa chini, kwa kuwa laini yangu haiko salama." Kisha akamalizia: wafungue akaunti na kulipa, au watoe sababu kwa maandishi wakitaja kifungu cha masharti yao, ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua. Wasipofanya hivyo, malalamiko yatapelekwa kwa bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha, pamoja na viambatisho vyote.

Mume wangu alirudi akijisifu alivyomtisha yule dereva. Nilisaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukushika kalamu.

"Na mimi nisaini," alisema. "Wajue kuna mwanaume."

Niliogopa atauona mstari wa benki. Mama Chapa hakupepesa hata jicho. Akachapa mstari chini kabisa: "Ninathibitisha kwamba maelezo ya jeraha hapo juu ni ya kweli." Mume wangu alitafuta kiasi cha pesa kwa kidole, akakiona, akaridhika, akatia saini kubwa yenye mkia.

Barua ilikwenda kwa barua pepe, na nyingine nikaipeleka makao makuu kwa mkono. Nakala yangu wakaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nilimwachia Mama Chapa aitunze.

Siku zile Nyundo alinizunguka kama mtu anayengoja kuku atage. Aliniletea barafu ya kukanda jicho. Siku niliyochelewesha chakula alinyanyua mkono, akaukumbuka uso, akanipiga tumboni. Nililala kitandani kwa mwanangu, nikimchukia mume wangu kwa kila pumzi, nikimwomba Mungu jicho lifunguke.

Siku mbili kabla ya muda kwisha walijibu. Wamepokea maelezo, nifike makao makuu na kitambulisho halisi kwa uhakiki wa ana kwa ana.

Afisa wa malalamiko alikuwa dada mwembamba, na faili langu liko mezani kwake. Mlangoni mlinzi. Mume wangu alikaa kando yangu, amevaa shati la sikukuu.

"Aliyesaini hapa chini nani?" dada aliuliza.

"Mimi. Mumewe," alisema, kifua mbele.

Dada alimtazama. Akarudi kwenye karatasi, akafungua mdomo, na nikajua atasoma mstari wa benki. Nilimuwahi.

"Dada, piga picha kwanza. Nakuomba. Sasa hivi."

Sijui aliona nini machoni mwangu. Alinyanyua kamera, nikashika kitambulisho kando ya uso uliobaki na manjano kidogo chini ya jicho. Mashine ikafikiri. Sura imelingana.

"Uhakiki umekamilika," alisema. "Malipo yanakwenda benki, kama ulivyoomba."

"Benki gani?" Nyundo alivuta barua. Safari hii alisoma kila neno, midomo ikichezacheza. Nilimwona akifika pale.

Kiwiko kilinivunja pua. Nilisikia mlio wake ndani ya kichwa. Akanivuta nywele akanigongesha mezani, mara moja, mara mbili, faili likalowa. Nilikuta kidole chake gumba kiko mdomoni mwangu nikakiuma kwa meno yaliyobaki, nikauma miaka tisa yote ya ndoa, akapiga yowe la mtoto. Mlinzi alimwangukia mgongoni, wakaja wengine wawili. Rungu lilifanya kazi yake mpaka akalala kifudifudi kwenye vigae, goti la mtu shingoni, bado anadai pesa yake.

Polisi walipofika, dada alichungulia kwenye faili, akawapa nakala ya barua. "Kuna hili la leo, kamera imeona," alisema. "Na kuna la kwanza. Amelithibitisha mwenyewe, saini yake hii hapa."

Walimpitisha mbele yangu amefungwa pingu. Nilikaa sakafuni na taulo puani, safari hii macho yote mawili yanajifunga. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha, na sikuona haya kwa lolote kati ya hayo. Simu ikatetemeka mfukoni. Sikuona kilichoandikwa. Nikampa dada.

"Nisomee."

"Zimeingia," alisema. "Milioni tatu na laki nne, ukitoa kodi ya serikali."

"Anzia juu. Soma na jina."

Akasoma jina langu, taratibu, lote, mpaka la baba yangu. Halafu akasoma pesa. Niliomba maji ya kunawa, nikaenda kumchukua mwanangu shuleni.