Euro Nyuma ya Tarakimu

Asubuhi ile ofisi ilikuwa tulivu mno. Kwa kawaida sakafu yao hutetemeka kwa vyerehani vya ghorofa ya chini, na bosi huinuka na kupiga kisigino sakafuni mpaka watu wa chini wapunguze mwendo. Leo hakuna aliyeshona.

"Kimya hiki kinanipendeza," bosi alisema, akimenya chungwa juu ya kibodi.

"Wamefilisika kwa visigino vyako, shemeji," alijibu Dereva.

Walimwita Dereva kwa sababu aliendesha lori miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Bosi alikuwa mdogo wa mke wake. Ndiye aliyempa kazi ya kujibu wateja wa programu yao ya majedwali, na ndiye aliyemkemea mwezi uliopita, baada ya Dereva kumwahidi mteja wa ng'ambo kwamba atapigiwa "saa tatu asubuhi". Yule mteja, asiyehesabu saa kwa Kiswahili, alisubiri simu saa tisa usiku. Tangu hapo amri ikawa moja: wateja wa ng'ambo wanaachiwa dawati la jioni.

Ujumbe mpya wa mama mmoja ukaingia. Dereva akausoma kwa sauti.

"Programu yenu inanikatalia. Nimeandika kama mlivyoelekeza, =ROUND(B4*C4,1), inasema nimekosea. Nashona magauni ya kwaya, kila mtu na unene wake, na nisipojua mita za kitambaa kabla ya saa 6 mchana, mkataji ataondoka kwenda kazi nyingine na kwaya itaimba na nguo za nyumbani."

Chini yake mama huyo alikuwa amenakili mstari wa jedwali lake, tarehe, idadi ya magauni, mita za kila moja na bei: 07.04. | 14 | 1,75 | 12,50 €.

Bosi alikuja na chungwa lake, akachungulia. "Huyo ni wa ng'ambo. Tarehe ina nukta, desimali ni koma, na euro imekaa nyuma ya tarakimu. Peleka jioni."

"Jioni mkataji keshaondoka."

"Unataka kumwamsha mwingine?"

Dereva alikuna kidevu. Maneno ya juu yalikuwa ya mtu, yameandikwa kwa hasira na kidole kimoja. Mstari wa chini ulikuwa wa mashine. Ni mashine inayopanga nukta na koma kufuatana na nchi iliyowekwa kwenye mipangilio yake, na kwa mashine hiyo saa sita mchana ingekuwa 12:00. Mama huyu aliandika saa 6 mchana.

"Mshonaji mmoja na nchi mbili," alisema. "Hiyo euro inatuambia kompyuta imewekwaje. Haituambii mwenyewe amekaa wapi."

"Wapo wetu huko ng'ambo wanaosema saa sita mchana, shemeji. Hujui."

"Sijui, ndiyo. Basi namuuliza. Lakini kosa lake najua, na halitegemei alipo."

Hilo bosi mwenyewe ndiye aliyemfundisha: kompyuta inayotumia koma kwa desimali haiwezi kuitumia tena kutenganisha vipande vya fomula, kwa hiyo inataka nukta-mkato. Maelekezo yao yalikuwa na koma. Mama hakukosea kitu.

Dereva akaandika: "Mama, weka nukta-mkato badala ya koma: =ROUND(B4*C4;1). Samahani, maelekezo yetu ndiyo mabaya. Uko wapi, na kwako sasa ni saa ngapi?"

Akabonyeza kabla shemeji hajamaliza kumeza.

Walikaa wanaitazama skrini kama watu wanaosubiri maji yachemke. Jibu likaja.

"Imekubali. Asante, baba. Hapa ni saa nne na nusu, niko mjini. Kompyuta nimeletewa na kaka yangu kutoka ng'ambo, imetumika. Hiyo euro inajibandika yenyewe kila nikiandika bei, nikadhani ni urembo. Duka langu liko kwenye jengo la ngazi za nje, chini ya wale watu wa kompyuta wenye roho mbaya wanaotupigia visigino."

Dereva aliisoma sentensi ya mwisho mara mbili, ya pili polepole, kwa faida ya ofisi.

Bosi aliweka ganda la chungwa chini. "Usimwambie ni sisi."

"Nitaachaje kumwambia? Hiyo euro haijatoka bado kwenye mipangilio. Lazima mtu ashuke akamrekebishie."

"Shuka wewe."

"Mimi mgongo, shemeji. Na kisigino si changu."

Alishuka yeye bosi, na machungwa mawili mkononi. Alikaa huko muda mrefu kuliko mipangilio inavyohitaji. Baada ya chakula cha mchana sakafu ikaanza kutetemeka, vyerehani vyote kwa pamoja, mpaka kalamu ya Dereva ikajiviringisha na kuanguka sakafuni.

Alimtazama shemeji yake. Bosi alivua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akaendelea na kazi.