Nusu Saa ya Kwanza

Walimpa jina la utani Rula, naye akalipenda, na hilo peke yake linakutosha kujua alikuwa mtu wa namna gani. Alifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuingia katika chumba kile cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme, ambako watu wanne walikaa mbele ya skrini na kubahatisha bei za soko la ng'ambo. Yeye hakupenda hilo neno "kubahatisha". Alisema wenzake wanabahatisha, yeye anapima.

Ofisi ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Mtaji wa shemeji, kompyuta za shemeji, hata sukari ya chai ya shemeji. Rula alipewa kiti kwa majaribio kwa sababu dada mtu aliomba, na kaka hakuwa na njia ya kukataa mbele ya mama yao. Masharti yalikuwa mepesi kusema. Amalize mwaka bila kugusa kikomo cha hasara cha siku hata mara moja, kiti kiwe chake. Akikigusa, mashine inajifunga yenyewe, naye anarudi alikotoka. Kule shuleni, mwalimu mkuu alikuwa bado hajatafuta mtu wa kushika nafasi yake.

Na mtu huyu aliweza kazi. Hilo ndilo lililomkera kila mtu. Mfumo wake ungemweleza mtoto akauelewa. Soko likifunguka, nusu saa nzima hugusi kitu, unatazama tu. Nusu saa ikiisha, unachora mstari mahali bei ilipofika juu kabisa, na mwingine mahali iliposhuka chini kabisa. Kisha unaweka amri mbili: ya kununua, juu kidogo ya mstari wa juu, na ya kuuza, chini kidogo ya mstari wa chini. Bei ikivunja upande wowote, amri ya upande huo inaingia na ile nyingine inajifuta. Stopu, yaani pale utakapokubali umekosea na kutoka, inakaa kwenye mstari wa upande wa pili. Siku mistari ikiwa imeachana unachukua mikataba michache, yaani mzigo mdogo, siku ikibanana unachukua mingi, ili ukikosea hasara iwe ileile. Biashara moja kwa siku, basi. Amri ikishaingia, haiguswi.

Shemeji alicheka alipousikia. Miezi mitatu baadaye alikuwa ameacha kucheka. Wiki moja alisogeza stopu yake mbali kidogo, kwa kuwa "bei itarudi tu", na bei haikurudi. Rula aligeuza kiti na kumsomea somo mbele ya watu wote, kwa sauti ileile aliyowasomea watoto wa darasa la saba. "Shemeji, amri ikishaingia haiguswi. Anayeigusa si mfanyabiashara, ni mwenye kiherehere." Shemeji akatabasamu. Ningekuwa Rula, lile tabasamu lingeninyima usingizi.

Kulikuwa pia na sheria ya kunyamaza, na hiyo aliileta Rula mwenyewe. Katika nusu saa ya kwanza hakuna kuongea, maana maneno ya mtu mmoja humtia mwingine wasiwasi. Atakayefungua kinywa ataosha vikombe vya chumba kizima. Walipiga kura, ikapita. Siku chache baadaye mdhibiti, mama aliyekaa kwenye kona akichunga vikomo vya kila mtu, alipokea simu: mwanawe ameanguka shuleni. Alisema, "Ameumia wapi?" Maneno mawili tu. Simu ilipokatika, Rula alimwekea trei ya vikombe mezani bila neno. Mdhibiti akaosha huku akilia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga waliona mbali.

Basi ikaja Jumatatu moja. Rula alifika mapema kama kawaida yake, akaweka kando ya skrini saa ya ukutani aliyoitoa jikoni kwake, kwa kuwa hakuziamini za wengine. Tangu aanze kazi, soko lilifunguka saa kumi na nusu jioni. Saa kumi na nusu ilipofika, alikunja mikono na kuanza kutazama.

Sasa, kule ng'ambo watu wana tabia ya kugeuza saa zao. Msimu wa baridi ukikaribia wanazirudisha nyuma kwa saa moja, na kwetu, tusiogeuza kitu, soko lao linahamia saa kumi na moja na nusu. Kila mtu chumbani alilijua hilo, kwa kuwa kila mmoja lilishamuuma mara moja. Rula lilikuwa halijamuuma. Yeye alifundisha hesabu. Mwalimu wa jiografia wa shule yake angemweleza kwa soda moja.

Na mkataba alioufanyia biashara huuzwa karibu usiku na mchana, hivyo bei haikuwa imesimama. Ilitikisika polepole, kama maji ya ndoo. Vile vijiti vya chini ya chati, vinavyoonyesha wingi wa biashara, vilikuwa vifupi sana. Rula aliviona. Alikunja uso. Alitazama saa yake, akatazama skrini, akageuka kuwatazama wenzake. Mmoja alikuwa anakata kucha. Rula akanyanyua kidole, kama mwanafunzi, na midomo yake ikafunguka.

Shemeji aliweka kidole chake mwenyewe mdomoni, akatikisa kichwa taratibu. Sheria ni sheria.

Mdhibiti alikuwa ameona yote. Yeye ndiye aliyepaswa kusema, kazi yake ilikuwa hiyo. Alimtazama Rula, akatazama trei ya vikombe juu ya kabati, kisha akarudi kwenye kompyuta yake na kuendelea kupiga chapa. Rula akafunga mdomo, akarudi kwenye chati. Alijiambia soko limelala tu, na soko lililobanana likifumka hufumka kwelikweli. Hapo hakukosea.

Saa kumi na moja alichora mistari. Ilikuwa imekaribiana kuliko siku yoyote aliyowahi kuona. Akapiga hesabu yake, na hesabu ilikuwa sahihi: kwa upana ule, mikataba ni mara tano ya ile ya kila siku. Akaweka amri zake mbili. Dakika chache baadaye bei ikapanda kivivu, ikagusa juu ya mstari, amri ya kununua ikaingia, ile ya kuuza ikajifuta. Rula akaegemea kiti. Alikuwa na furaha, maskini. Akaomba chai.

Bei haikwenda popote. Ilirudi katikati ya mistari, ikakaa hapo.

Ilipokaribia saa kumi na moja na nusu, chumba kikaamka. Mkata kucha alivaa miwani. Mdhibiti akageuza televisheni ya ukutani, isiyo na sauti, ili wote waione. Shemeji akafuta mistari ya jana kwenye chati yake, akasogeza kiti.

"Mbona mnajipanga sasa?" Rula aliuliza.

"Soko linafunguka, shemeji," alisema shemeji.

Rula alitazama televisheni. Pembeni ya skrini kulikuwa na namba zinazohesabu kurudi nyuma kuelekea kengele. Ilibaki dakika moja na sekunde chache tu. Ungeweza kuuona uso wake ukilielewa jambo hilo kipande kwa kipande: kwamba nusu saa aliyoipima haikuwa ya kwanza, kwamba mistari yake haikuwa mistari ya kitu chochote, na kwamba ameshika mara tano ya mzigo wake, na stopu yake iko karibu sana, na mlango wa soko haujafunguliwa bado. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya. Angetoka wakati huo, angepoteza kidogo tu. Angebaki na kiti chake.

"Amri ikishaingia haiguswi," shemeji alisema kwa upole. "Si ndivyo ulivyotufundisha? Au na wewe una kiherehere?"

Wote walikuwa wanamtazama. Mkono ulikaa juu ya kipanya. Nadhani kama chumba kile kingekuwa na mtu mmoja aliyempenda, angekibonyeza. Akautoa mkono, akauweka pajani.

Kengele ikalia bila sauti. Bei ilianguka. Haikushuka hatua kwa hatua, ilianguka, ikaupita mstari wa chini kana kwamba hakuna aliyeuchora. Stopu ya Rula ikafanya kazi, lakini haikupata mnunuzi pale ilipowekwa, ilimpata chini zaidi. Ni pointi chache tu, na kwa mikataba ya kila siku zingekuwa za kuchekwa. Kwa mara tano zilitosha kukivuka kikomo. Skrini yake ikawa nyekundu nzima, na katikati kukaandikwa kwamba akaunti imefungwa.

"Mlijua," Rula alisema. "Nyote mlijua."

Shemeji aliweka tena kidole mdomoni. Kisha akaandika kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma mezani: Hii ndiyo nusu saa ya kwanza. Umeongea.

Mdhibiti akainuka, akachukua trei kutoka kabatini, akaiweka mbele yake.

Rula akaviosha vikombe vyote. Alipokuwa anavipangusa, aliwaona kupitia mlango wamekaa kimya, wakitazama tu, kama alivyowafunza. Nusu saa ilipoisha, shemeji alichora mistari miwili, mmoja juu na mwingine chini. Muda si mrefu bei ikaupasua ule wa juu na kuendelea kupanda, na shemeji hakuigusa amri yake hata mara moja. Ilikuwa biashara safi kuliko zote alizofanya mwaka ule.

"Asante kwa mfumo, shemeji," alimwambia mlangoni. "Nisalimie dada."

Rula alifika nyumbani na saa ya jikoni ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe alikuwa anakata vitunguu. Hakuuliza kwa nini amewahi, wala kwa nini ameirudisha saa. Aliipokea, akapanda kwenye kigoda, akaitundika kwenye msumari wake.

"Ulijua?" aliuliza Rula.

Mkewe alishuka, akarudi kwenye vitunguu. "Kaka alinipigia jana. Akaniambia saa za huko zimerudi nyuma. Akasema, nikikwambia utabaki, nisipokwambia utarudi shule."

"Na wewe?"

"Mimi nilikupikia, ukala, tukalala." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na kwa vitunguu vile hakuna ambaye angejua machozi yalikuwa ya nini. "Mwalimu mkuu anakungoja kesho, baba watoto. Nimeshamwambia utawahi."