Njoo Inboksi

Mtaani walimwita Mama Posti, ingawa hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Jina lilitokana na kazi yake: ukiwa na kiduka na huna muda wa kukitangaza mtandaoni, unamkabidhi ukurasa wako auendeshe kwa malipo ya mwezi. Alikuwa na vifurushi viwili. Kidogo, unapata posti tatu kwa wiki na ripoti mwisho wa mwezi. Kikubwa, anakurekodia na video, anawajibu na wateja wanaokuandikia. Muuza viatu, mwenye saluni na muuza rangi za nyumba walikuwa kwenye kikubwa. Shangazi yake, fundi cherehani, aliyemshonea sare tangu darasa la kwanza bila kumdai hata uzi, Mama Posti alimweka kwenye kidogo kwa bei ya ndugu, akajiona amemfanyia hisani kweli kweli.

Usidhani alikuwa mvivu. Kabla mwezi haujaanza alikuwa keshapanga kalenda nzima: Jumatatu gauni jipya, Jumatano mikono ya fundi kazini, Ijumaa kichekesho cha kuwafanya watu watagiane. Posti aliziweka mapema, siku ikifika zinapanda zenyewe, naye yuko zake anakunywa chai. Picha zake zilikuwa safi, hilo tusimnyime.

Ila alikuwa na ujanja wake mmoja. Bei hakuandika. Namba ya simu hakuweka. Hata duka lilipo hakusema. Mtu akilipenda gauni, lazima aulize, na kila swali ni komenti, na komenti hunenepesha ripoti. Angeweka namba, watu wangepiga simu, na simu haionekani kwenye ripoti. Jibu alikuwa nalo tayari, ni kubandika tu: "Njoo inboksi, mpendwa." Sasa kwa wenye kifurushi kikubwa, ukienda inboksi unamkuta mtu. Kwa shangazi, kengele za ujumbe alikuwa amezizima, kwa sababu zilimsumbua, na kujibu hakukuwemo kwenye kifurushi. Haya mambo mawili hakuwahi kuyaweka pamoja kichwani. Na shangazi simu yake ilikuwa ya vitufe, hana pa kuchungulia. Huyo ndiye Mama Posti, mtaalamu wetu.

Siku ya ripoti aliingia dukani na tabasamu lake la kazini. Duka lilikuwa chumba kimoja, meza ya kukatia, cherehani mbele ya dirisha, na magauni ya watoto yametundikwa ukutani. Pembeni, pale ilipokuwa ovaloki, ile mashine ya kuzuia kingo za nguo zisichanike nyuzi, palikuwa patupu.

"Mwezi huu tumewaka, shangazi," alisema akimgeuzia kioo cha simu. "Waliotufikia wameongezeka karibu mara mbili. Komenti ndiyo usiseme. Tazama hii rangi ya kijani inavyopanda."

Shangazi alivaa miwani, akaitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani.

"Wananipenda, eh?"

"Wanakupenda mno."

"Basi tatizo ni mimi." Alisema hivyo taratibu, akikunja kitambaa. "Huko kwenye simu wanapenda, lakini mlangoni hawaji. Nimefikiria sana, mwanangu. Wewe umefanya yako yote. Wakiitazama vizuri kazi yenyewe, nadhani wanaona mkono umezeeka. Mishono yangu ya kizamani."

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Nasema ukweli. Ovaloki nimeshaiuza. Chumba nimemrudishia mwenye nyumba, anaingia fundi simu mwisho wa wiki. Cherehani hii wanakuja kuichukua kesho. Nikapumzike." Akavua miwani. "Niwekee posti ya mwisho. Washukuru wote. Usiwalaumu, wala usijilaumu."

Mama Posti aliondoka ameinama, lakini bado hakujua kwa nini. Alikwenda saluni kupiga picha za wiki ijayo, na huko, akimsubiri mteja asukwe, akaandika kwaheri ya shangazi. Aliiandika vizuri, mwenye saluni alipoisoma akajifuta macho.

Komenti ya kwanza ilikuwa ya huzuni. Ya pili nayo hivyo. Ya tatu ilitoka kwa mwanamke mmoja ambaye hakuwa na muda wa kupamba maneno: "Mnafunga? Mngejibu inboksi msingefunga."

Inboksi ya ukurasa wa shangazi hakuwa ameigusa tangu siku ya kwanza.

Akaifungua. Jamani. Alisogeza kidole, ujumbe ukaja. Akasogeza tena, ukaja mwingine. Bi harusi mtarajiwa akitaka magauni ya wapambe. Mwalimu wa chekechea akitaka sare za darasa zima, kaandika, kauliza tena, kaandika mara ya tatu akiomba walau aelekezwe duka lilipo. Mama mmoja alisema binti yake ana bega moja limeshuka, kila nguo inamkaa vibaya, na ameona kwenye picha jinsi fundi huyu anavyokata, je, atamshonea gauni la sherehe ya shule? Chini ya kila ombi lilikaa jibu la mashine alilolitega mwenyewe siku ya kwanza: "Asante! Tutakujibu hivi punde."

Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Masikio yakamchoma. Mwenye saluni alimuuliza kama anaumwa, akasema ni joto.

Halafu shetani naye hakosi zamu. Ukurasa unafungwa, akawaza. Nikiufuta leo, nani atajua? Shangazi ameshanisamehe hata kabla sijakosa. Kidole kilifika mpaka kwenye kitufe. Kilichomzuia si wema, tusimpambe. Ni lile neno, mkono umezeeka. Alimwona shangazi akilibeba neno hilo nyumbani, akilala nalo, akiamka nalo, maisha yake yote yaliyobaki, na yeye akimtembelea kila sikukuu na kulikuta limekaa pale sebuleni.

Alirudi dukani mbio, kamera begani, mteja wa saluni kamwacha amesukwa nusu kichwa. Shangazi alikuwa anaifuta cherehani mafuta, ili anayeinunua asiikute chafu.

"Si mkono wako," alisema mlangoni, hata hodi hakupiga. "Ni mimi. Walikuja, shangazi. Niliwaambia waje mahali ambapo hapakuwa na mtu."

Akaeleza yote: bei aliyoificha, namba aliyoificha, kengele alizozizima, ripoti aliyotaka inenepe. Alitamani atukanwe. Shangazi hakumtukana.

"Nisomee," alisema.

Akamsomea. Alipofika kwa yule binti mwenye bega, shangazi alishika kingo za meza.

"Huyo ningemkatia mgongo vipande viwili," alisema. "Asingeonekana kabisa." Akaiachia meza. "Kwa hiyo kazi yangu waliiona."

"Waliiona."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Umewajibu?"

"Bado."

"Wajibu sasa hivi. Mmoja mmoja, na usibandike. Waambie fundi alikuwepo."

Mama Posti akavuta kigoda. Alianza na mama wa binti. Akaandika pole, akaandika kosa ni la nani, akaandika na namba ya shangazi, tarakimu zote. Jibu lilirudi hata hajahamia kwa mwingine. Alilisoma, akataka kulimeza.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza.

"Anasema asante. Sherehe ilishapita. Mtoto hakwenda."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani yake ya siku moja iliyobaki.

"Haya," alisema. "Anayefuata."