Nukta Tano za Président

Narcisse alikuja mwenyewe mpaka kwenye karai la mandasi la Stéphanie, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na karatasi mkononi. Hakuona haya hata kidogo. Miezi miwili mizima alikuwa akizunguka kambini akisema kwamba wanawake tisa waliotoka kwenye kituo chake cha ushonaji ni wavivu, na Stéphanie alikuwa mmoja wa hao tisa.

"Mama Dany," akamwambia Stéphanie, "Jumapili nasoma rapport ya kituo kule Lilongwe, Area 36, mbele ya conseil, baraza ya kanisa. Njo bao, bale ba conseil, balitupatia mamashine. Mapointi yote iko hapa. We unajua kuandika, unganisha tu. Nikipata mamashine ingine, we wa kwanza kurudi."

Stéphanie alifuta mafuta mikononi, akapokea karatasi. Moyoni alikuwa akimtukana kwa Kiswahili na Kifaransa.

"Hakuna shida, Président."

Nukta zilikuwa tano. Kituo kilianza na mashine kumi na wanawake kumi na wawili (Januari). Wanawake tisa waliacha kituo (Mei). Sare za shule zilichelewa (Aprili). Mashine saba zilifungua tawi Biwi, mjini Lilongwe, msimamizi Noël (Machi). Tunaomba mashine kumi zaidi.

Kwanza alijaribu kama Narcisse alivyotaka: akafuata mpangilio uleule, akapachika "pia" hapa, "vilevile" pale. Ikasomeka vizuri. Lakini alipoyafuta maneno hayo, maana haikubadilika hata chembe, kwa sababu hayakuwa yameunganisha kitu. Nukta zilikaa jirani tu, na msikilizaji angejijazia mwenyewe: wanawake waliondoka, basi sare zikachelewa, basi mashine zisizo na watu zikapelekwa mjini. Mzee huyu mjanja!

Alipanga upya kwa kufuata miezi. Kisha, kati ya kila nukta na inayofuata, akajiuliza: hii imeleta ile, inapingana nayo, au imeitangulia tu? Jibu alilijua vizuri, kwani mwezi wa nne wote alikaa kwenye benchi akingoja zamu ya mashine. Alijua pia kwamba Noël ni mdogo wake Narcisse, lakini hilo hakuliandika. Halikuwa kwenye karatasi, na alitaka kila tukio la kumshtaki litoke kwenye karatasi ya Narcisse mwenyewe.

Aya ya kwanza akaijaza sifa: jinsi Président alivyohangaika kuomba mashine, alivyosimamisha kibanda kwa mikono yake. Zote za kweli. Alimjua mtu wake. Narcisse alisoma hiyo aya mara mbili palepale, akatabasamu, akakunja ripoti bila kusoma zaidi na kuitia mfukoni, karatasi yake ya nukta akaisahau kwa Stéphanie.

Jumapili Stéphanie alipanda minibasi kwenda Lilongwe, akaketi benchi la nyuma kanisani. Mbele, mwenyekiti wa conseil, Mama Fidès, alikuwa amevaa miwani yake. Narcisse alizisoma sifa zake kwa sauti ya padri. Kisha akageuza ukurasa.

"Machi, saba kati ya mashine hizo kumi zilipelekwa Biwi, kwenye tawi linalosimamiwa na Noël. Kwa hiyo Dzaleka zikabaki tatu kwa wanawake kumi na wawili, na ndiyo sababu sare za Aprili zilichelewa. Kwa kuwa hawakuwa na mashine ya kushonea, wanawake tisa... wanawake..."

"Endelea, Papa Narcisse," Mama Fidès akasema.

"...wanawake tisa waliondoka Mei. Basi, ingawa kituo kinaomba mashine kumi zaidi, upungufu wake haukutokana na uchache wa mashine kilizopewa, bali na mahali zilikopelekwa."

Jasho lilimtoka. Stéphanie aliliangalia likishuka mpaka kwenye kola, na alifurahi, alifurahi kweli, wala hakumwomba Mungu msamaha.

"Hii siyo yangu!" Narcisse alifoka, akamwonyesha Stéphanie kidole. "Mi niliandika mapointi tu. Maneno ya katikati ni ya huyu mwanamuke!"

Mama Fidès alinyoosha mkono. "Lete hayo mapointi." Stéphanie alisimama, akamkabidhi karatasi ya kwanza, yenye mwandiko wa Narcisse. Mama Fidès akaweka kidole kwenye mabano, mwezi mmoja baada ya mwingine.

"Hapa kuna uongo gani?" akamwuliza Narcisse.

"Hakuna, Mama."

"Basi tuwekee neno lako wewe. Hizi mashine saba zilienda Biwi kwa sababu gani?"

Kanisa zima lilimgeukia Narcisse. Akaikunja ripoti yake.

"Noël ni ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini.

Mama Fidès alimgeukia katibu. "Andika hivyohivyo. Chini yake uandike kwamba mashine saba zinarudi Dzaleka wiki hii, na bale banamuke tisa baitwe, mmoja mmoja, kwa jina."

Katibu akaandika. Stéphanie akaanza kumtajia majina, polepole, ili Narcisse ayasikie yote.