Mstari Uko Wapi?

Kiende alikuwa muuguzi hodari, na huo uhodari ndio uliokuwa ukimponza. Alijua mambo mengi mno.

"Namba nne umeandika True, yaani kweli," alisema Mwalimu Gladwell, akigonga karatasi ya mazoezi kwa kalamu. "'Mbu wa malaria huuma usiku.' Nani kakwambia?"

"Mwalimu, miaka tisa niko wodini! Hiyo hata mtoto anajua."

"Sikuulizi unachojua. Nionyeshe mstari."

Kiende alipitisha kidole kwenye kifungu. Mabwawa ya mji yalikaushwa mwaka wa 1961. Kufikia 1965 wagonjwa wa malaria walikuwa wamepungua kwa nusu. Juu ya saa za mbu, kimya kabisa.

"Kama swali lingesema wagonjwa waliongezeka, hapo ungeandika False, kwa sababu kifungu kinakataa," Gladwell alisema. "Hapa hakikubali wala hakikatai. Hiyo ni Not Given, haikutajwa. Usikijazie kifungu maneno ya kichwa chako."

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka wa 1998, katika chumba cha chai cha wauguzi mjini Meru. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa kesho yake Nairobi, na bila kuupita hakuna hospitali ya Uingereza ambayo ingemchukua. Lakini si mtihani uliomnyima Kiende usingizi wiki hiyo. Mama yake alikuwa amelazwa kule kwao Kangeta tangu Jumapili, kifua kimembana, na yeye alikuwa hajapewa ruhusa ya kwenda kumwona. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuka kutazama.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Purity wa mapokezi, na bahasha mkononi. "Dereva wa pikapu ya miraa ameacha hii. Inatoka kwenu."

Ulikuwa mwandiko wa Murungi, kaka yake. Kiende aliichana bahasha, akasoma mbio mbio, kisha akashusha pumzi na kucheka kwa sauti.

"Mungu ni mwema! Mama amepata nafuu."

"Wapi? Mstari uko wapi?" Gladwell alimtania, kwa mazoea tu ya siku nzima.

Kiende naye, kwa mzaha, akaweka kidole kwenye barua na kuisoma kwa sauti. *Dada, salamu. Huku mvua imenyesha vizuri. Mama alilazwa Jumapili kama unavyojua, na madaktari wamemhudumia kwa moyo wote. Alifurahi sana kusikia habari za mtihani wako, akasema usikubali chochote kikurudishe nyuma. Kwa hiyo usipitie huku. Nenda Nairobi moja kwa moja, tutaonana ukimaliza. Tunakuombea.*

Kidole kilifika mwisho wa karatasi. Kikarudi juu. Kikashuka tena, polepole safari hii.

Mvua ilikuwepo. Madaktari walikuwepo. Nafuu haikuwepo. Ilikuwa imetoka kichwani mwake mwenyewe, kama wale mbu.

"Kiende, mimi nilikuwa nakutania," Gladwell alisema haraka, uso umembadilika. "Si ati barua imesema vibaya. Haijasema kitu. Not Given si False."

"Najua, Mwalimu."

Alijua, na hilo ndilo lililomtisha. Murungi alikuwa katekista, mtu ambaye tangu utotoni hakuweza kusema uongo hata kujiokoa na kiboko. Kama mama angekuwa na nafuu, angeiandika mstari wa kwanza. Na kwa nini aandike barua, naye ana simu dukani kwake? Kwenye simu mtu huulizwa maswali.

Alitoka mbio na sare yake hadi kibanda cha simu nje ya posta. Sarafu ya kwanza ilimponyoka ikaanguka chini. Alipiga namba ya duka, akiomba kwa moyo wote Murungi acheke tu, amwite mjinga, amwambie mama anakunywa uji.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya Murungi.

"Murungi, ni mimi. Barua nimeipata."

"Kiende! Uko tayari kwa kesho?"

"Mama anaendeleaje?"

Nyuma ya Murungi zilisikika sauti za watu, wengi kuliko wanaoingia dukani kununua chumvi. Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa kanisa wa matanga, taratibu. Murungi alishusha sauti.

"Nani amekwambia?"

Kiende aliegemea kioo cha kibanda. Barua ilikuwa bado mkononi, imekunjamana kwa jasho.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Hata wewe hukuniambia."