Kimya cha Fundi Rashidy

Mwalimu Laurencia alirudi Nachingwea moyo umetulia. Kule Nkowe, kwenye kiwanja chake, alikuwa ameongea kila kitu na fundi Rashidy, naye fundi hakupinga neno. Jioni akamwandikia ujumbe kwenye simu:

"Fundi, kama tulivyokubaliana leo: kupaua vyumba vitatu na kujenga kibaraza cha mbele. Ufundi milioni moja na nusu, vifaa juu yangu. Unaanza Jumatatu, unakabidhi tarehe 20 Desemba. Kama ni sawa, nijibu."

Tarehe ishirini ndiyo siku aliyomtajia mumewe, Apolinari, ya kufika kutoka Bukoba.

Fundi akajibu: "Kazi na bei ni sawa, mwalimu. Tarehe uliitaja wewe, mimi nilinyamaza tu kwa heshima. Mvua zinakuja. Andika 15 Januari, hiyo nitaitimiza."

Laurencia akasonya. Kumbe kimya alikihesabu kuwa ndiyo! Akasahihisha tarehe, akatuma upya, na fundi akajibu, "Nimekubali."

Miaka minne sasa Apolinari anasema anakuja. Akiulizwa lini hasa, anacheka, na yeye Laurencia anafua mashuka ya kumpokea. Akamwandikia vilevile: "Mume wangu, kama tulivyoongea: unafika 20 Desemba, unakaa mwezi mzima. Kama ni sawa, nijibu."

Alama mbili za ujumbe zikageuka buluu; ameusoma.

Tarehe 15 Januari fundi Rashidy akakabidhi kazi, kama alivyoandika. Laurencia akaketi kibarazani peke yake, akaufungua ule ujumbe aliomwandikia mumewe, ambao bado haujajibiwa, na safari hii kimya hakukihesabu kuwa ndiyo.